Jinsi ya kumwandikia mwalimu kikaratasi cha mtoto aliyekosa shule: mwongozo kamili, na kimoja kilichoharibika tunakirekebisha pamoja

Nimekuwa mwalimu wa darasa miaka kadhaa na sasa na mimi ni mzazi, kwahiyo vikaratasi hivi nimevipokea na nimeviandika. Kila nikieleza mtu anasema ameelewa, halafu wiki ijayo mtoto analetwa na kikaratasi kilekile, hakina tarehe, hakina darasa, na katikati kuna mstari mmoja unaonitukana bila mwandishi kujua. Basi leo naandika yote sehemu moja, hatua kwa hatua, tena tutatumia kikaratasi kimoja mpaka mwisho ili uone kinavyobadilika. Kimetungwa, Rehema ni jina la kupanga, ila makosa yaliyomo ni ya kweli kabisa, nimekutana nayo yote.

## Andaa hivi kwanza

- Karatasi moja safi, nusu ya ukurasa wa daftari inatosha, na kalamu ya bluu au nyeusi. Kama shule yenu inapokea mesej basi simu tu.
- Jina la mtoto kama lilivyo kwenye rejista. Nyumbani mnamwita Chichi, mwalimu hana Chichi.
- Darasa na mkondo, mfano darasa la 3B. Ukiwa Kenya utaandika gredi.
- Tarehe za siku alizokosa. Fungua kalenda uangalie, usikumbukekumbuke.
- Karatasi ya zahanati au hospitali kama alitibiwa. Unapeleka nakala au picha, ile yenyewe unabaki nayo.

## Kikaratasi chenyewe kabla ya kukigusa

> Mambo mwalimu Rehema akuja shule juzi na jana sababu alikua anaumwa sana ana malaria nilimpeleka hosp wakampa dawa wakasema apumzike sasa nimesikia eti mmemuandika mtoro na mnataka kumchapa mimi kama mzazi sijafuraishwa na icho kitu naomba muache mara moja na ataweza kukimbia wiki hii msimlazimishe pia mpeni kazi alizokosa hasante

Usicheke, mama huyu ana haki na hoja zake zote ni za msingi. Tatizo ni kwamba mwalimu akimaliza kusoma hajui ni Rehema yupi, hajui siku zipi, na kuna sehemu kaambiwa mtoto ataweza kukimbia wakati mama alitaka kusema kinyume chake. Tuanze.

## Hatua ya 1: Toa majibu manne kabla hujatunga sentensi

Andika pembeni, hata nyuma ya bahasha: nani, siku gani, kwa nini, unaomba nini. Basi, hayo manne tu.

Kwanini hayo? Kwa sababu mwalimu akipokea kikaratasi chako kitu cha kwanza anafungua rejista. Anatafuta jina, anatafuta safu ya tarehe, halafu anaangalia kama ile siku aliyoweka alama ya kutokuwepo ina maelezo au haina. Ukimwandikia "juzi na jana" anaanza kuhesabu vidole, na kama mtoto alikisahau kwenye begi siku mbili (na atakisahau) hiyo "juzi" imeshakuwa siku nyingine kabisa.

Kwa Rehema inakuwa hivi:

- Nani: Rehema Salum, darasa la 3B
- Siku gani: Jumatatu tarehe 10 na Jumanne tarehe 11 Machi 2025
- Kwa nini: malaria, alipimwa zahanati Jumatatu asubuhi
- Anaomba nini: asikimbie kwenye michezo mpaka Ijumaa, na aonyeshwe kazi alizokosa

Ukiona kwenye "anaomba nini" una vitu zaidi ya viwili, punguza, kile cha tatu huwa kinasahaulika tu.

Angalizo: usiongope sababu. Nasema hivi sio kwa maadili, nasema kwa sababu mtoto wa darasa la tatu hana siri. Umeandika homa, yeye saa nne anawahadithia wenzake harusi ya anko Tanga na pilau ilivyokuwa. Kuna familia bibi yao amefariki mara tatu kwenye mafaili yangu. Kama ilikuwa harusi andika "tulisafiri kifamilia", inaeleweka.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukimsomea mtu asiyejua habari hiyo, na yeye asikuulize swali lolote.

## Hatua ya 2: Salamu, fupi na ya mtu mzima

"Mambo" mpe shoga yako. Mwalimu hata kama umemzidi miaka kumi na mnakutana naye sokoni mkichekeshana, kikaratasi kikifika ofisini ni karatasi ya kazi na inaweza kusomwa na mwalimu mkuu.

Salamu salama kuliko zote ni "Habari za kazi, Mwalimu." Shikamoo andika kama kweli ni mkubwa kwako na ndivyo mnavyosalimiana, vinginevyo mwalimu wa miaka 25 akisoma shikamoo kutoka kwa mama mtu mzima anaona aibu. Ukiwa mahali ambapo watu wote husalimiana kwa Asalaam alaikum, nayo ni sawa kabisa.

Halafu ile ya shuleni tuliyofundishwa zamani, ya natumaini u mzima wa afya njema, mimi pia ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako, hiyo waachie barua za kirafiki. Nishawahi kupokea kikaratasi chenye mistari sita ya salamu na mstari mmoja wa taarifa, ule mmoja wenyewe ulikuwa umekatika ukingoni.

Jina la mwalimu kama unalijua litaje, kama hulijui "Mwalimu wa darasa la 3B" inatosha. "Madam" na "ticha" ziache mdomoni.

## Hatua ya 3: Rekebisha herufi H kabla ya kosa lingine lolote

Hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndipo vikaratasi vingi vinapofia.

Kwenye Kiswahili herufi hii moja ndiyo inabeba ukanushi wa mtu wa tatu. Wengi wetu tukiongea tunaimeza, au tunaiweka pasipo pake, na tukiwa tunaongea haina shida kwa sababu uso na sauti vinasaidia. Kwenye karatasi hakuna uso. Angalia:

- ana homa ni mgonjwa, hana homa ni mzima
- atakuja kesho mtegemee, hatakuja kesho usimtegemee
- ataweza kukimbia mtoe uwanjani, hataweza kukimbia mwache akae kivulini

Mama Rehema aliandika "ataweza kukimbia wiki hii msimlazimishe". Mwalimu makini atashtukia ile "msimlazimishe" na kukisia, mwalimu mwenye watoto wengi na kengele imeshagonga atasoma "ataweza kukimbia" na kuendelea na shughuli zake. Na mtoto aliyetoka malaria jana anapelekwa kwenye mbio za kijiti.

"Akuja" nayo, alitaka hakuja. Na mwisho kageuza, kaongeza H pasipohitaji, "hasante". Hiyo haimdhuru mtu, ila "hamepona" inadhuru, maana msomaji anasimama hapo kujiuliza ni amepona au hajapona.

Njia ya kujikagua: pitia kila kitenzi kinachomhusu mtoto, kimoja kimoja, na jiulize hii ni ndiyo au siyo. Kama ni siyo lazima uone ha- mwanzoni, au asi- kama ni ombi, mfano "asikimbie". Kama ni ndiyo H isiwepo. Inachukua nusu dakika. Ukiwa bado na wasiwasi na masikio yako basi kimbia ukanushi kabisa, badala ya "hataweza kukimbia" andika "naomba apumzike wakati wa michezo", hapo hakuna H ya kukosea.

Ukiwa humo humo angalia H za katikati pia: hicho sio icho, sijafurahishwa sio sijafuraishwa.

## Hatua ya 4: Vitenzi vinavyosema kitu kingine

Ni vichache, na vinajirudia.

Alikua na alikuwa. "Alikua" inatoka kwenye kukua, yaani aliongezeka kimo. Unachotaka ni alikuwa, yenye W. Rehema alikuwa anaumwa, hakukua anaumwa.

Anauma na anaumwa. Hii haimo kwenye kikaratasi chetu lakini naipata kila muhula. "Mtoto wangu anauma tangu jana", Mwalimu anasoma anajua una mtoto anang'ata watu. Mgonjwa anaumwa. Kama ni kiungo, kiungo ndicho kinachouma: kichwa kinamuuma, tumbo linamuuma. (Watu wa pwani mtasema "hawezi" mkimaanisha mgonjwa, ni Kiswahili kizuri sana, ila mwalimu aliyetoka bara atakuuliza hawezi nini.)

Wakati. Kikaratasi cha mama kinasema alikuwa anaumwa, halafu hapohapo ana malaria. Sasa amepona au bado? Chagua. Kama ugonjwa umeisha: *alikuwa anaumwa, sasa anaendelea vizuri*. Kama bado: *anaumwa tangu Jumapili usiku*. Mwalimu anahitaji kujua hili kwa sababu ndilo linamwambia amuangalie mtoto kwa karibu au la.

Naomba na ile E ya mwisho. Baada ya naomba kitenzi kinaishia na e: *naomba umsaidie*, sio naomba umsaidia. *Naomba umruhusu* hubaki na u kwa sababu kuruhusu imetoka kwenye Kiarabu, hizo hazibadiliki mwisho.

Kukata na kuunganisha. "Nime mpeleka", "ana umwa", "ali kuwa" zote ni neno moja moja: nimempeleka, anaumwa, alikuwa. Na kinyume chake, "kwasababu" na "kwahiyo" kwa sanifu ni maneno mawili, kwa sababu, kwa hiyo. Mimi mwenyewe hapa juu nimeandika kwahiyo, tena kwa makusudi maana hapa tunapiga soga. Kwenye kikaratasi naachanisha.

Na andika hospitali, sio hosp. Tena kama ilikuwa zahanati sema zahanati.

## Hatua ya 5: Toa lawama, iweke kwenye karatasi yake

Hii ndiyo ngumu kuliko sarufi.

Mama Rehema kasikia mtoto kaandikwa mtoro na atachapwa. Hasira yake naielewa, mimi ningekuja mwenyewe shuleni. Lakini kikaratasi kimoja kimebeba taarifa, lawama, amri na ombi, na mwalimu akisoma anakamata lawama peke yake. Kazi alizokosa Rehema? Hakuna aliyezifikia.

Angalia maneno yanayochoma. "Eti" kwenye maandishi ni kofi, inamaanisha siamini mnachosema. "Mimi kama mzazi sijafurahishwa" inafungua kesi. "Muache mara moja" ni amri. Na ile m- ya wingi, *mmemuandika, mnataka, msimlazimishe*, inageuza mwalimu mmoja kuwa "nyinyi walimu", wakati kikaratasi kinaenda kwa mtu mmoja. Tumia u-: *umsaidie, umwonyeshe*. Kwa u- hujamvunjia heshima, heshima imo kwenye "naomba" na kwenye "Mwalimu".

Jambo la utoro usilifiche, ni la muhimu, ila ligeuze kutoka kesi kuwa marekebisho. Mwalimu aliweka alama kwa sababu hakuwa na taarifa, na sasa anayo:

> Nimesikia siku hizo zimeandikwa utoro. Naomba zirekebishwe kuwa ugonjwa, nakala ya karatasi ya zahanati nimeiambatanisha.

Umeona, hakuna aliyepigwa, na mwalimu kapewa kitu cha kufanya pamoja na ushahidi wa kumlinda akiulizwa na mkuu wake. Suala la kuchapwa usiliandike kwenye kikaratasi anachobeba mtoto, hilo nenda mwenyewe mkaongee. Andika tu kwamba utapita, siku na saa.

Upande wa pili kuna wanaojishusha mpaka inatia huruma, "nisamehe sana Mwalimu wangu mpenzi kwa usumbufu mkubwa uliojitokeza, sitarudia tena". Mtoto kaumwa, hukukosea chochote. "Samahani kwa kuchelewa kukutaarifu" inatosha, tena kama kweli ulichelewa.

## Hatua ya 6: Ugonjwa, kiasi gani useme

Sio lazima kutaja kila kitu. Kuna magonjwa ya mtoto ambayo ni siri yake, na kikaratasi kinaweza kusomwa na kiranja njiani. "Alikuwa anaumwa, alitibiwa zahanati" imekamilika.

Ila yale ya kuambukiza taja jina, tetekuwanga, surua, macho mekundu. Wa Dar mnakumbuka macho mekundu ya mwanzoni mwa 2024, madarasa yalivyokuwa. Mwalimu akijua mapema anawaangalia waliokaa dawati moja na mwanao. Na wa tetekuwanga asirudi shule mpaka malengelenge yote yakauke yawe magamba, hata kama anaruka ruka nyumbani.

Dawa pia. Malaria ya kawaida kwa dawa ya mseto ni dozi ya siku tatu, asubuhi na jioni, ndiyo maana Rehema aliyeanza Jumatatu anarudi shule Jumatano akiwa bado ana dozi ya jioni ya kumalizia nyumbani. Sema hivyo, ili mwalimu asidhani mtoto anatakiwa kunywa kitu mchana. Na vidonge usivifunge kwenye kikaratasi ukampa mtoto, nimeona mara nyingi, vinaliwa na rafiki.

Kama ni msiba, taja undugu na siku ya kurudi: *tumefiwa na babu yake, atarudi Jumatatu tarehe fulani*. Hakuna haja ya kueleza alivyofariki.

## Kikaratasi baada ya kurekebishwa

> Jumatano, 12 Machi 2025
>
> Habari za kazi, Mwalimu.
>
> Mimi ni mama wa Rehema Salum, darasa la 3B. Rehema hakufika shuleni Jumatatu tarehe 10 na Jumanne tarehe 11 Machi kwa sababu alikuwa anaumwa malaria. Alipimwa na kutibiwa zahanati, sasa anaendelea vizuri. Dozi anaimaliza leo jioni nyumbani.
>
> Nimesikia siku hizo zimeandikwa utoro. Naomba zirekebishwe kuwa ugonjwa, nakala ya karatasi ya zahanati nimeiambatanisha. Naomba pia apumzike wakati wa michezo mpaka Ijumaa, na umwonyeshe kazi alizokosa.
>
> Nitapita shuleni kesho saa nane mchana tuongee kidogo.
>
> Asante.
> Mama Rehema
> (jina kamili, namba ya simu, sahihi)

Maombi yamekuwa matatu, najua nilisema mawili. Lile la rejista ni dharura, nikalitanguliza, ungeweza kulisubirisha mpaka kesho saa nane ukiwa umekaa naye.

Sahihi usiiache. Watoto wa darasa la sita na la saba wanajiandikia wenyewe, tena mwandiko mzuri kuliko wa mama, na mwalimu akitilia shaka anapiga ile namba.

## Ukituma kwa simu

Usisubiri mtoto arudi, tuma asubuhi ileile kabla rejista haijaitwa. Ingetumwa Jumatatu hii, habari ya utoro isingekuwepo kabisa:

> Habari Mwalimu. Mimi mama Rehema, darasa la 3B. Rehema ana homa, leo Jumatatu 10/3 hatafika. Tunampeleka zahanati. Nitakujulisha jioni.

Hiyo haifiki herufi 160 kwahiyo inaenda kama esemesi moja. Kama mwalimu ana kina Rehema wawili, weka na jina la baba. Usitume voisi noti ya dakika tatu, mwalimu yupo mbele ya darasa. Usiweke kwenye grupu la wazazi, ugonjwa wa mwanao sio tangazo, na wazazi arobaini wataanza "ugua pole" na ujumbe unapotea juu huko. Vifupisho vya vijana, xaxa, nlikuwa, 2taonana, viache. Na soma tena kabla ya kutuma maana simu nyingi zinasahihisha Kiswahili kwa Kiingereza, "homa" inageuka "home" na mtoto ana home.

## Kabla hakijatoka mlangoni

Kisome kwa sauti mara moja. Pale unapokosa pumzi weka nukta, kikaratasi cha kwanza cha mama hakikuwa na nukta hata moja. Kagua H. Kipige picha ubaki nayo. Kikunje ukiweke ndani ya daftari la somo la kwanza la siku hiyo, sio chini ya begi, na mwambie mtoto ampe mwalimu mkononi.

Utajua kimefanya kazi kama mtoto anarudi na kazi za Jumatatu na Jumanne kwenye daftari, na mwalimu hakupiga simu kuuliza kitu. Kama jioni hajarudi na kitu chochote, fungua begi kwanza kabla hujamlaumu mwalimu, mara nyingi kikaratasi bado kimo humohumo, kimekunjwa kuwa ndege.